Mtoto anakataa kunyonya, kooni kuna malengelenge, bibi yake anasema ni kimeo kikatwe kesho. Nisaidieni

MamaPendo_Igoma | Jumatano, saa 3:05 usiku

Habari za usiku wadau. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi minne, kilo 10 kwenye kadi ya kliniki. Jumamosi alipata homa kali, tukampeleka zahanati, kipimo cha malaria kikaonyesha hana, tukapewa sirapu ya antibayotiki na ya kushusha homa. Jumapili homa ikatulia nikajua yameisha.

Jumatatu ndiyo kizaazaa kikaanza. Akiona kijiko tu analia. Nikimpa ziwa ananyonya mara mbili tatu, anaachia na kupiga yowe kama kaungua. Udenda unamtoka hadi gauni linaloa kifuani. Jana nilimnunulia barafu ya ubuyu nikidhani baridi itamsaidia, alilia mpaka majirani wakaja.

Nimemulika kwa tochi ya simu, nikaona vidoti vyeupe nyuma kabisa ya mdomo, na kimeo chekundu. Mama mkwe yuko hapa, ametoka Ukerewe, anasema kimeo kimeshuka ndiyo maana hamezi. Kuna fundi Buhongwa, wanataka twende kesho alfajiri. Baba Pendo yuko kambini ziwani, simu haipatikani.

Na leo jioni nimeona vipele kwenye viganja. Nahisi ile dawa imemkataa. Nifanye nini jamani?

Mfugaji_Misungwi | saa 3:11 usiku

Pole sana mayu. Huo ni ugonjwa wa miguu na midomo, naujua vizuri sana. Mwaka juzi uliingia zizini kwangu, ng'ombe walitoa udenda hivyo hivyo, hawali, kwato zikafanya vidonda. Huyo mtoto mmempa maziwa mabichi ya nani? Mpigie bwana mifugo, na msiyahamishe maziwa hayo.

BabaKulwa_na_Doto | saa 3:16 usiku

Mkuu hapo juu, achana na ng'ombe, mtoto hana kwato.

Dada, wanangu mapacha waliugua hivi hivi mwezi wa tatu. Ni kirusi. Antibayotiki haifanyi chochote hapo, umepoteza hela bure. Msukutue kwa maji ya ndimu na chumvi asubuhi na jioni, vidonda vinakauka haraka. Na ukiwa na ile jeli ya kupaka watoto wanaoota meno ili ganzi ishike, mpake kooni kabla ya kula. Vipele vikishakauka hawezi tena kuambukiza mtu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na watoto wengine. Siku tatu tu.

Tabibu_Kirumba | saa 3:20 usiku

MamaPendo, mimi ni afisa tabibu. Kabla ya yote nijibu mambo manne, kwa haraka.

Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa saa ngapi? Akilia machozi yanatoka? Akilala, anashtuka-shtuka mikono na miguu mara kwa mara? Na ametapika?

Msimpake ganzi. Ndimu na chumvi pia acheni, nitaeleza.

MamaPendo_Igoma | saa 3:26 usiku

Asante kaka. Alikojoa saa 10 jioni, kidogo, mkojo wa njano sana. Machozi yapo. Hajatapika. Hashtuki usingizini, ila halali, kila akimeza mate anaamka. Sasa hivi amebebwa na bibi yake, ananiangalia vizuri tu, ila amenuna.

Tabibu_Kirumba | saa 3:49 usiku

Sawa. Kukuangalia na kununa ni habari njema. Mtoto anayetutisha ni yule asiyejali uko au haupo.

Nianze na hicho ulichokiona kooni. Fanya hivi tena: bibi ampakate akikutazama wewe, kichwa kiegemee kifuani kwake, mkono mmoja wa bibi ushike paji la uso na mwingine ushike mikono ya mtoto. Subiri alie, mdomo ukifunguka mulika. Usiingize kijiko mbali. Nataka kujua vidoti vimekaa wapi. Vikiwa kwenye kaakaa laini, pale kimeo kinapoanzia, na kwenye zile nguzo mbili pembeni, vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti au chini ya hapo, kila kimoja kina pete nyekundu kuzunguka, basi ni malengelenge ya kirusi. Yakipasuka yanaacha vidonda vya kijivu, na hapo ndipo maumivu yanakuwa makali kuliko yote. Ukiona badala yake utando mweupe kama mtindi uliogandia kwenye ulimi na mashavu, hiyo ni fangasi. Ukiona fizi zimevimba na zinatoa damu, ni kirusi kingine cha vidonda vya mdomoni, nacho huenda hadi wiki mbili.

Pili, viganja. Angalia nyayo pia, na makalio na magoti. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu tu, tafuta vidoa vyeusi kidogo au vya kijivu, mviringo mrefu kama punje ya mchele, vingine vina maji kidogo ndani. Aleji ya dawa haina kawaida ya kuchagua viganja na nyayo peke yake. Huanza zaidi kifuani na mgongoni, na huwasha.

Ukikuta hivyo, binti yako ana ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Mfugaji amekosea kwa jina tu, kwani yanafanana kwenye masikio. Ule wa ng'ombe una kirusi chake, huu wa watoto una vyake, na mtoto wako hakuupata zizini. Kirusi kinachouleta mara nyingi kinaitwa Koksaki, jina la mji mdogo wa Marekani kilikogunduliwa mwaka 1948.

Mwendo wake ndio huu huu ulioueleza. Homa siku moja au mbili, inashuka, kisha koo, kisha vipele. Ndiyo maana mzazi hudanganyika kwamba mtoto amepona halafu akaugua kitu kingine.

Sasa usiku wa leo. Kinachoweza kumlaza hospitali si vipele, ni kukosa maji. Kwa kilo 10 anahitaji kama lita moja ya vimiminika kwa siku, maziwa yako yakiwemo. Mpe sirapu ya parasetamo sasa hivi. Soma chupa: kama imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, mpe mililita 5. Unaweza kurudia kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku nzima. Haijalishi kwamba homa imeshuka, hapa tunaitumia kwa maumivu. Aspirini usimpe kabisa.

Baada ya kumpa usimguse kwa chakula. Subiri nusu saa nzima, saa ya ukutani. Watu wengi hukosea hapa: wanampa dawa na uji kwa wakati mmoja, mtoto anaumia, na kijiko kinachofuata anakikataa hata kama dawa imeshafanya kazi, kwa sababu ameshakumbuka.

Nusu saa ikipita, kamua maziwa yako kwenye kikombe kisafi, yaache yapoe, mpe kwa kijiko. Kunyonya kunamuuma kwa sababu chuchu inafika kwenye kaakaa na ule mvuto unavuta vidonda. Chupa ni hivyo hivyo. Kama una bomba la sindano lisilo na sindano, weka ncha ndani ya shavu, si kuelekea kooni, na usukume polepole. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kila dakika mbili. Inaonekana kidogo, lakini ndani ya saa moja ni mililita 150.

Ukikosa maziwa ya kutosha, changanya pakiti ya chumvichumvi ya kurudisha maji kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, kipimo kile kilichoandikwa kwenye pakiti, usiongeze wala usipunguze. Baridi inasaidia kweli, ila barafu ya ubuyu ni chachu, ndiyo iliyomliza. Ndimu, chungwa, ukwaju, nyanya na chumvi vinaunguza kidonda vivyo hivyo. Ile jeli ya ganzi nimeikataa kwa sababu mtoto mdogo akiimeza inaweza kumdhuru damu au moyo, na koo likifa ganzi anaweza kupaliwa.

Ikifika saa 6 usiku hajakojoa, au akianza kulia bila machozi, au akawa mlegevu, usisubiri kesho. Bebeni mtoto muende hospitali usiku huo huo.

MamaPendo_Igoma | saa 4:02 usiku

Nimeangalia. Ni pale pale ulipoelekeza, juu ya kimeo na pembeni, nimehesabu saba. Nyayo zimejaa vidoa, na makalioni nilidhani ni nepi imemchubua. Dawa nimempa, naangalia saa.

Shangazi_Nansio | saa 4:10 usiku

Mimi sitaki kubishana na wataalamu, ila wajukuu wa huku kwetu wamekatwa vimeo tangu enzi za babu zetu na wapo hai. Mtoto wa dada yangu alikataa kula siku nne, akatoa udenda vile vile, dawa za hospitali hazikusaidia. Akakatwa siku ya tano, siku ya nane anakula ugali kwa sato. Utaniambia nini?

Tabibu_Kirumba | saa 4:21 usiku

Shangazi shikamoo. Nitakuambia uhesabu hizo siku pamoja nami.

Vidonda hivi vya koo huanza kupoa vyenyewe karibu siku ya tano mpaka ya saba, na kwa kawaida siku ya saba hadi ya kumi mtoto anakula. Watu hawaendi kwa fundi siku ya kwanza. Wanaenda wakishachoka, siku ya nne au ya tano. Fundi anakata, na siku ya nane mtoto anakula. Angekaa nyumbani, siku ya nane angekula vilevile. Fundi anapewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili.

Halafu kimeo kinavimba kwa nini? Kwa sababu malengelenge yako juu yake na kando yake. Ndiyo maana bibi akimulika anaona kweli kimekuwa chekundu na kimening'inia. Macho yake hayajamdanganya, ila kimeo hapo ni jirani tu wa nyumba inayoungua.

Na ukimkata mtoto ambaye tayari hamezi kwa sababu ya vidonda saba, umemwongezea cha nane, kikubwa kuliko vyote. Nimepokea watoto waliokuja na khanga imelowa damu. Wengine hurudi baada ya siku kadhaa na usaha kooni. Mapema mwaka huu alikuwepo mmoja aliyekuwa na koo hili hili la MamaPendo, akakatwa, akakaa siku mbili bila kunywa. Huyo tulimwekea dripu kwenye mfupa wa mguu kwa sababu mshipa haukuonekana.

Shangazi_Nansio | saa 4:30 usiku

Marahaba. Hilo la kuhesabu siku sikuwahi kulifikiria. Lakini mtoto wa dada alikuwa na kikohozi cha miezi pia, nacho kilikwisha.

Tabibu_Kirumba | saa 4:33 usiku

Hicho kikohozi siwezi kukisemea, shangazi, sikumwona.

MamaPendo_Igoma | saa 5:48 usiku

Narudi. Nilimpa kijiko cha kwanza akageuza uso. Cha pili akakiweka mdomoni akasubiri, akameza, akaniangalia kama ananiuliza mbona hakijauma. Baada ya hapo akawa anafungua mwenyewe. Nimempa karibu nusu kikombe cha maziwa yangu na vijiko vingi vya yale maji ya pakiti, nilihesabu mpaka 24 nikapoteza hesabu. Amekojoa saa 5 na dakika 40, nepi imelowa kweli. Amelala.

Bibi yake amesikiliza yote, nilimsomea kwa sauti. Amesema tusubiri mpaka Jumamosi.

Mwl_Chekechea_Nyegezi | Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Nimesoma uzi wote. Nina kituo cha kulelea watoto, wako 23 na tayari wawili wana vipele vya mikononi. Nimewaambia wazazi wawaache nyumbani wiki moja. BabaKulwa anasema vikikauka hawaambukizi. Na je, ile dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti inatosha? Tunayo galoni nzima.

BabaKulwa_na_Doto | saa 1:40 asubuhi

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa duka la dawa. Kulwa alirudi kucheza siku ya nne.

Tabibu_Kirumba | saa 2:05 asubuhi

BabaKulwa uko sahihi kwamba ni kirusi, na kwamba antibayotiki haikiui. (MamaPendo, usiitupe chupa kwa neno la mtandaoni, rudi nayo zahanati leo, mtoto aangaliwe viganja, wao ndio wakuambie uache.) Kwenye kuambukiza umekosea, na hata wauza dawa wengi wanakosea hapo.

Kirusi hiki kinatoka kwa mate, makamasi na maji ya malengelenge, na wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Lakini kinaishi tumboni, na kinaendelea kutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa baada ya ngozi kuwa safi kabisa. Ndiyo maana nepi ndiyo njia inayosahaulika. Mama amemaliza kuuguza, vipele vimekwisha, anabadilisha nepi na kwenda kukanda unga.

Mwalimu, spiriti haiwezi sana kirusi cha aina hii, kwa sababu hakina lile ganda la mafuta ambalo spiriti hulivunja. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanakiondoa mkononi, hasa baada ya choo na nepi, na kabla ya kulisha. Galoni yako itumie kwa mambo mengine. Meza, poti na midoli ya plastiki oshea sabuni kwanza, kisha futia klorini ya kufulia: ile yenye nguvu ya asilimia 3.5, vijiko sita vya chai kwenye lita moja ya maji, iache dakika kumi, halafu suuza. Kila mtoto kikombe chake na kijiko chake. Na wale kina dada wanaoonja uji kwa kijiko kile kile wanacholishia, au wanaomtafunia mtoto, waache kwa sasa.

Kuhusu kurudi: huwezi kumfungia mtoto wiki sita kwa ajili ya kinyesi. Mimi husema arudi akiwa hana homa tangu jana yake, hatoi udenda, anakula, na hana lengelenge lenye maji. Wengine ni wakali zaidi.

Mwl_Chekechea_Nyegezi | saa 2:20 asubuhi

Wazazi wanalipa kwa siku. Nikimrudisha nyumbani mtoto anayetoa udenda, mama yake anakosa kwenda kuuza dagaa Mwaloni. Siku tano bila biashara ni nyumba nzima imelala njaa. Mnasema rahisi sana.

Tabibu_Kirumba | saa 2:31 asubuhi

Hapo sina jibu zuri, mwalimu. Ukishindwa kabisa, wakae chumba chao na dada mmoja asiyeshika wengine.

Neema_Sengerema | saa 4:12 asubuhi

Samahani naingilia. Mimi nina mimba ya miezi minane na mwanangu wa miaka mitatu anayo haya. Nitajifungua mtoto mwenye vipele? Pia alishapata chanjo zote mbili za surua, mbona haijamkinga?

Tabibu_Kirumba | saa 12:40 jioni

Neema, chanjo ya surua haina uhusiano na kirusi hiki. Surua huja na kikohozi, mafua na macho mekundu, na vipele vyake huanzia usoni vikishuka.

Mama mjamzito akiambukizwa kwa kawaida huumwa kidogo au asijue kabisa. Kinachonifanya nikuandikie ni huo mwezi wa nane. Mtoto akizaliwa wakati mama ana kirusi kwa siku hizo hizo anaweza kuugua vibaya. Kwa hiyo mtu mwingine abadilishe nepi na kumlisha huyo mkubwa ikiwezekana, na ukipata homa au vidonda kooni mwambie mkunga kliniki, usinyamaze ukidhani ni mafua.

Na kwa wote mnaosoma, nimeulizwa faraghani kuhusu zile dalili nilizomuuliza MamaPendo jana. Wengi wanapona nyumbani. Lakini kuna kirusi kimoja katika familia hii, enterovirusi A71, ambacho hupenda kwenda kwenye ubongo. Taiwan mwaka 1998 kiliua watoto 78. Kinachokitambulisha si wingi wa vipele, kwani mtoto anaweza kuwa na vichache sana. Ni homa inayopita siku tatu, kutapika mfululizo, kushtuka-shtuka usingizini, kuyumba akitembea, kupumua haraka, au kulala usingizi usioamshika kirahisi. Moja ya hizo ikitokea, nenda hospitali moja kwa moja.

MamaPendo_Igoma | Jumatatu, saa 11:20 jioni

Mrejesho. Jumamosi asubuhi alinyonya mwenyewe dakika kama tano. Jana amekula mtindi baridi na viazi vitamu vilivyopondwa, leo amedai samaki. Kule zahanati daktari alimwangalia viganja akasema niache ile antibayotiki. Baba Pendo amerudi kutoka kambini na koo linamuuma, anasema ni baridi ya ziwa. Mimi namtazama tu viganja.

Fundi wa Buhongwa hatukwenda.

Mfugaji_Misungwi | saa 11:45 jioni

Mungu mkubwa. Ila maziwa mabichi chemsheni.

MamaPendo_Igoma | baada ya wiki tano

Tabibu upo? Pendo mzima kabisa, ila kucha za vidole gumba vya mikono zimeachia kwa chini na moja imebanduka leo akicheza. Haimuumi. Bibi amepiga simu anasema si mnaona, ugonjwa haukutoka.

BabaKulwa_na_Doto | baada ya wiki tano

Doto naye zilitoka nne! Kulwa hata moja. Nilidhani ni fangasi, nikapaka dawa mwezi mzima.

Tabibu_Kirumba | baada ya wiki tano

Nipo. Kucha zilisimama kukua wakati wa ugonjwa, sasa mpya inasukuma ya zamani. Hutokea mwezi mmoja au miwili baadaye, hasa kwa aina moja ya Koksaki. Usiivute, ikate tu pale inaponasa kwenye nguo. Mpya inakuja chini yake, mwambie bibi aangalie akija.

Shangazi_Nansio | baada ya wiki tano

Kwa nini Doto zitoke na Kulwa zisitoke, na wamelala kitanda kimoja?